Nieleze Mpaka Mwisho: Muhtasari kwa Mtu Anayepima Kama Asome

Rafiki yangu mmoja, aliyekuwa ametoka kumuuguza baba yake kwa miezi mingi, aliniuliza habari za Kifo cha Ivan Ilyich, riwaya fupi ya Lev Tolstoy iliyotoka mwaka 1886. Alitaka kujua kama aisome au aiache. "Nieleze mpaka mwisho," aliniambia, "usinifiche kitu." Nikamjibu harakaharaka kwamba mwishoni Ivan Ilyich anakufa. Akanitazama tu. Hilo alishaambiwa na jina la kitabu, tena sura ya kwanza yenyewe inaanza na wenzake wa kazini wakisoma tangazo la kifo chake gazetini. Alichotaka kujua ni anakufaje.

Ikanibidi nianze upya. Nikamwambia kwamba mgonjwa anapiga kelele za maumivu siku tatu mfululizo, na kwamba kurasa hizo ni nzito kweli. Kwamba anayemtendea utu kuliko watu wote wa nyumba ile ni Gerasim, kijana mtumishi, ambaye hukaa usiku akiwa ameibeba miguu ya bwana wake mabegani ili maumivu yapungue. Kwamba saa mbili hivi kabla ya kukata roho, mkono wa mgonjwa unaangukia kichwani pa mwanawe, mtoto anaushika, anaubusu na kulia, na hapo baba anaanza kumhurumia mtoto na mkewe. Anaitafuta ile hofu ya kufa aliyoizoea, haioni. Mahali pa mauti anaona mwanga. Rafiki yangu akanyamaza kidogo, kisha akasema ataisoma, ila si mwezi ule.

Majibu yangu yote mawili yalikuwa ya kweli, lakini la kwanza halikumsaidia kuamua chochote. Tangu siku hiyo, mtu akiniomba muhtasari pamoja na mwisho wake, huanzia mwishoni na kurudi nyuma. Nataka kuonyesha jinsi kazi hiyo inavyofanyika, maana wengi hudhani muhtasari ni kuipunguza hadithi kutoka juu kwenda chini, sura kwa sura, mpaka nafasi iishe.

Muhtasari wa aina hii una jamaa zake wawili ambao huchanganywa nao. Yapo yale maneno ya jalada la nyuma, yanayokufikisha kwenye tatizo na kukuacha hapo ili ununue kitabu. Upo pia muhtasari wa mwanafunzi, unaomthibitishia mwalimu kwamba kitabu kimesomwa, na kwa sababu hiyo unataja kila mhusika na kila tukio. Mtu anayepima kama asome hakuombi lolote kati ya hayo. Ana saa chache za kutumia, pengine ana jeraha asilotaka liguswe, na anataka kujua hadithi inampeleka wapi na kwa njia gani.

Mfano nitakaoutumia ni hadithi fupi ya Guy de Maupassant, La Parure, iliyochapishwa mwaka 1884. Hapa nitaiita Mkufu. Imezunguka dunia nzima, na mihtasari yake mingi inafanana na huu:

"Mathilde ni mke wa karani. Anaalikwa kwenye dansi. Anaazima mkufu wa almasi kwa rafiki yake tajiri. Mkufu unapotea. Yeye na mumewe wananunua mwingine na kulipa deni kwa miaka kumi. Mwishoni anagundua kwamba mkufu ulikuwa bandia, anajuta sana na kujifunza kuridhika na alichonacho."

Usome tena ukiweka neno "halafu" katikati ya sentensi. Linakaa vizuri kila mahali. Anaalikwa, halafu anaazima, halafu unapotea. Sasa jaribu kuweka "kwa hiyo" mahali pa "halafu". Linakwama karibu kila hatua. Kipimo hiki chepesi hunionyesha kwamba nimeorodhesha matukio na kuuacha msuko. Na msomaji wa muhtasari huo atauliza mara moja: kwa nini hawakumwambia tu mwenye mkufu kwamba umepotea? Swali hilo likiulizwa, ujue kuna kiungo kimeachwa.

Ili kukipata kiungo hicho, naandika mwisho katika sentensi moja: baada ya miaka kumi ya kulipa, Mathilde anaambiwa na rafiki yake kwamba mkufu aliomwazima ulikuwa bandia, wa thamani isiyozidi faranga 500. Kisha naiuliza sentensi hiyo: ili haya yawezekane, ni lazima nini kiwe kimetokea kabla?

Ni lazima rafiki, Bi Forestier, awe hakujua kwamba amerudishiwa mkufu mwingine. Hakujuaje? Tunarudi kwenye siku ya kuurudisha. Bi Forestier anapokea kasha, anasema kwa ubaridi kwamba angeletewa mapema zaidi kwa sababu angeweza kuuhitaji, na halifungui. Mathilde alikuwa akiogopa sana asije akalifungua. Angelifungua, pengine siri ingetoka palepale. Tukio hili ni la sentensi chache tu katika hadithi, nao waandishi wa mihtasari hulipita bila kuligusa.

Turudi nyuma zaidi. Kwa nini hawakusema ukweli tangu siku ya kwanza? Kwa sababu ya barua. Mume wa Mathilde, Bwana Loisel, amezunguka kote, amekwenda polisi, kwenye magazeti, kwenye kampuni za magari ya farasi, akarudi mikono mitupu. Ndipo anamwambia mkewe amwandikie rafiki yake kwamba kifungo cha mkufu kimevunjika na wameupeleka kutengenezwa, ili wapate muda wa kuhangaika. Mathilde anaandika, mume akiyasema maneno. Uongo ule mdogo, wa kujitafutia siku chache, ndio unaofunga mlango wa kusema ukweli baadaye. Muhtasari wowote wa Mkufu usiokuwa na barua hiyo, kwa maoni yangu, umesimulia hadithi nyingine.

Na mkufu ulipoteaje? Dansi inakwisha karibu saa kumi alfajiri. Mume anamfunika mkewe nguo zake za kawaida alizokuja nazo, naye anaona haya kuonwa na wanawake waliovaa manyoya ya bei. Anakimbilia nje, wanahangaika barabarani kutafuta gari, na wakifika nyumbani shingo iko tupu. Haya hiyo ndiyo iliyomfanya aazime mkufu tangu mwanzo, maana aliposhonewa gauni la faranga 400 aliona bado aibu kwenda bila kito. Sasa mnyororo umekamilika: haya inamfanya aazime, haya inamtoa mbio ukumbini, haya inawafanya waandike uongo. Neno "kwa hiyo" linakaa sasa kila mahali bila kusukumwa.

Kwa hadithi fupi, viungo vya namna hii mara nyingi ni vinne au vitano. Kwa riwaya ya kurasa 400 huongezeka, lakini si kwa kiasi mtu anachodhani. Mhusika anayechukua sura tatu nzima anaweza asiwe kiungo, na mgeni aliyepita mlangoni mara moja akawa ndiye. Ndiyo maana kuandika huku ukisoma, sura baada ya sura, hupotosha. Ukiwa sura ya pili hujui bado kipi kitakuja kuwa na uzito, basi unaandika kila kitu, na ukifika mwisho nafasi imekwisha. Hesabu maneno ya muhtasari uliokwisha kuandika. Ukikuta nusu yake imekwenda kwenye robo ya kwanza ya kitabu na mwisho umepewa sentensi moja, hiyo ndiyo sababu.

Baada ya viungo huja mpangilio, na hapa nina msimamo. Ukishajua kwamba mkufu ni bandia, utashawishika kusema mapema: "Bi Forestier anamwazima mkufu bandia." Ni kweli, ila umemnyima msomaji mwendo wa hadithi. Maupassant anatuweka upande wa Mathilde, hatujui zaidi ya anavyojua yeye, na miaka kumi inasimuliwa kama gharama halali ya mkufu halali. Neno la mwisho ndilo linalorudi na kuivunja thamani ya miaka yote hiyo. Kuutaja mwisho hakukulazimishi kuutaja mwanzoni. Mwambie mtu kwamba utafika mpaka mwisho, kisha ufuate mpangilio wa mwandishi wa kufichua mambo. Mwandishi akianza na mauti na kurudi nyuma kwa kisengerenyuma, kama Tolstoy, nawe anza hapo, kwa sababu msomaji anayepima anahitaji kujua kama taharuki ya kitabu inatokana na "nini kitatokea" au na "imetokeaje".

Halafu kuna miaka kumi yenyewe. Kwa matukio, hakuna kitu pale: wanalipa deni. Kwa uzito, ndiyo hadithi. Sentensi moja kavu haitoshi, wala huna nafasi ya aya nzima. Mimi huchagua vitu viwili vinavyoonekana kwa macho. Mathilde aliyeota maisha ya fahari anapandisha ndoo ya maji juu, akisimama kila ghorofa kuvuta pumzi. Mumewe, akitoka kazini, ananakili maandishi usiku kwa ujira wa senti chache kwa ukurasa. Mtu akiyasikia hayo mawili, neno "bandia" litamchoma linapokuja.

Sasa nirudi kwenye ile sentensi ya mwisho ya muhtasari mbaya: "anajuta sana na kujifunza kuridhika." Hakuna kitu hicho katika hadithi. Siku moja ya Jumapili, kwenye barabara ya Champs-Élysées, Mathilde anakutana na Bi Forestier, ambaye bado kijana na mzuri, naye hamtambui. Mathilde anamweleza yote, tena kwa fahari, akitabasamu kwa kuwa rafiki hakutambua tofauti. Bi Forestier, moyo umemshuka, anamshika mikono yote miwili na kumwambia kwamba mkufu wake ulikuwa bandia. Hadithi inaishia hapo. Hatuoni uso wa Mathilde, hatusikii jibu lake, hatujui kama anarudishiwa zile almasi za kweli. Kukatika huko ndiko mwisho wenyewe. Anayeongeza majuto na funzo amekuandikia mwisho wake yeye, na msomaji anayependa hadithi zinazofungwa vizuri atadanganyika kuisoma, na anayependa kuachwa ukingoni ataiacha bure.

Kosa lililo karibu na hilo ni kubeba maneno ya mhusika kama ukweli wa hadithi. Mfano mzuri ni hadithi fupi ya Kate Chopin ya mwaka 1894, ambayo kwa Kiswahili tungeiita Hadithi ya Saa Moja. Louise Mallard, mwenye ugonjwa wa moyo, anaambiwa kwa upole kwamba mumewe amekufa katika ajali ya treni. Analia, anajifungia chumbani peke yake, na huko, akitazama dirishani, anaanza kuhisi kwamba yuko huru, kwamba miaka inayokuja ni yake. Anashuka chini akiwa mtu mwingine. Mlango unafunguliwa, mume anaingia mzima, hakuwa hata karibu na ajali. Louise anaanguka na kufa. Madaktari wanasema amekufa kwa furaha, furaha inayoua.

Mihtasari kadhaa niliyopata kuisoma ilimalizia hivi: "Louise anafariki kwa furaha ya kumwona mumewe." Hayo ni maneno ya madaktari, ambao hawakuwa naye chumbani. Msomaji alikuwa naye. Kinaya chote kimo katika pengo kati ya wanachosema na tunachojua. Kwa hiyo naandika: "Anakufa papo hapo. Madaktari wanasema ni furaha, lakini msomaji aliyekuwa naye kule juu anajua furaha yake ilikuwa ya nini." Ni maneno machache zaidi, nayo yanamwambia mtu aina ya hadithi anayoiendea. Kila mwisho unapotamkwa na mhusika, jiulize ni nani anayesema na anajua kiasi gani.

Majina nayapitia upesi. Katika muhtasari mfupi, jina linastahili kuandikwa kama mtu huyo atatajwa tena. Wengine waitwe kwa kazi yao au undugu wao: mume, jirani, daktari. Katika riwaya yenye koo mbili na vizazi vitatu, msomaji hawezi kushika majina zaidi ya manne kwa kusoma mara moja.

Je, kuutaja mwisho hakumharibii mtu utamu? Mwaka 2011 watafiti wawili, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi 12, baadhi wakiwa wamedokezwa mwisho kabla ya kusoma. Kwa ujumla, waliodokezwa walizipenda zaidi kidogo. Utafiti mwingine wa mwaka 2015, wa Benjamin Johnson na Judith Rosenbaum, ulipata matokeo yaliyoelekea upande wa pili. Mimi sioni hapo kibali cha kuvujisha miisho ovyo wala sababu ya kuificha. Nauliza tu: unataka mpaka mwisho? Na kwa aliyesema ndiyo, nasimama kidogo kabla ya aya ya mwisho, nikamwambia kwamba mwisho ndio unafuata. Watu wengine hubadili nia hapo hapo, na ni haki yao.

Huu basi ndio muhtasari wa Mkufu ninaompa mtu anayepima:

"Mathilde, mke wa karani wa wizara, anateseka kwa kuona maisha yake ni ya chini kuliko anavyostahili. Mumewe anapata mwaliko wa dansi wizarani na kumpa faranga 400 alizoweka akiba, ashone gauni. Bado anaona aibu kwenda bila kito, kwa hiyo anaazima mkufu wa almasi kwa Bi Forestier, rafiki yake tajiri. Usiku ule anang'ara kuliko wanawake wote. Wakati wa kuondoka anakimbilia nje ili koti lake duni lisionekane, na nyumbani wanakuta mkufu haupo. Wanamwandikia rafiki uongo kwamba unatengenezwa, na wakiwa wamekwisha jifunga hivyo, wananunua unaofanana nao kwa faranga 36,000: nusu urithi wa mume, nusu mikopo ya riba. Bi Forestier analipokea kasha bila kulifungua. Miaka kumi inafuata ya kupandisha ndoo za maji ghorofani na kunakili maandishi usiku, mpaka deni linakwisha, na Mathilde amezeeka kabla ya wakati.

"Mwisho ni huu. Jumapili moja anakutana na Bi Forestier, ambaye hamtambui. Anamweleza ukweli, akijivunia kwamba amelipa yote. Bi Forestier anamshika mikono na kumwambia kwamba mkufu ule ulikuwa bandia, wa thamani isiyozidi faranga 500. Hadithi inakatika hapo, bila neno la Mathilde."

Baada yake naongeza mambo yasiyo ya msuko, kwa ufupi. Ni hadithi ya kumalizwa kwa kikao kimoja. Hakuna kifo wala ukatili ndani yake, uchungu wake ni wa umaskini na muda uliopotea. Msimulizi hamliwazi mtu. Ukiwa umechoka kuona watu wakiadhibiwa kwa kosa dogo, iache kwa sasa.

Kuna jambo moja nililoliacha makusudi. Siku wanapoanza kutafuta mkufu wa kufanana, wanalipeleka kasha tupu kwa sonara ambaye jina lake limeandikwa ndani. Sonara anapekua vitabu vyake na kuwaambia kwamba si yeye aliyeuza mkufu ule, pengine aliuza kasha tu. Wanatoka na kwenda kwa sonara mwingine bila kufikiri zaidi. Dokezo la mwisho limo humo, wazi kabisa, na karibu kila msomaji hulipita kama walivyolipita wao. Mwisho unasimama hata bila hilo, kwa hiyo halimo katika viungo vyangu. Nimelitoa hapa kwa sababu tunazungumzia kazi ya kuandika. Anayeniuliza kama aisome simwambii, hata akiwa ameshaujua mwisho wote, ili akifika kwa sonara alikute mwenyewe.